Nyumba ya dola 60,000, mkopo wa dola 30,000: namna ya kupiga hesabu kabla hujaingia benki

Mama mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi huko Bel-Air, katika komine ya Kampemba, alinijia akiwa ameshika karatasi ya benki na uso umemkunja. Nyumba yake, kwa hesabu yake mwenyewe, ilikuwa na thamani ya dola 80,000. Alikuwa ameomba dola 50,000 za kuongeza mzigo dukani, na benki ilimjibu kwamba ingempa dola 30,000, tena kwa sharti kwamba nyumba nzima iwekwe rehani. “Baba,” aliniambia, “wanachukua nyumba yangu yote halafu wananipa chini ya nusu yake?”

Kwa kuwa niliwahi kukaa miaka kadhaa upande wa pili wa meza, nikichambua maombi ya mikopo hapa Lubumbashi, nilimwomba akae tupige hesabu ileile ambayo benki ilikuwa imeipiga bila kumwonyesha. Hesabu hiyo ndiyo ninayoieleza hapa, hatua kwa hatua, ili mwenye nyumba aweze kuifanya mezani kwake kabla hajapeleka ombi lolote. Takwimu za mkopo ni za mfano huu tu. Benki nyingine itakuwa na riba yake na desturi zake, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki.

Kinachotafutwa ni uwiano wa mkopo kwa thamani ya dhamana, ambao huandikwa hivi:

```
uwiano = (mkopo ÷ thamani ya dhamana) × 100
```

Mkopo wa 30,000 juu ya nyumba ya 60,000 una uwiano wa asilimia 50. Kugawanya ni rahisi. Ugumu uko kwenye ile namba ya chini, yaani thamani, kwa sababu nyumba moja ina thamani zaidi ya moja kulingana na nani anayeiuza, kwa haraka gani, na kwa karatasi zipi.

Hatua ya kwanza: soma hati yako kama mgeni

Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wenyewe ni mali ya Serikali. Unachoweza kuweka rehani ni haki uliyopewa juu ya kiwanja pamoja na majengo yaliyo juu yake, na haki hiyo inathibitishwa na hati ya usajili, ile ambayo sote mjini tunaiita setifika. Karatasi ya komine, barua ya chifu, au mkataba wa kununua uliosainiwa mbele ya mashahidi vinaweza kukusaidia kuipata hati, lakini kwa hesabu ya benki, hipoteki, yaani rehani ya nyumba iliyosajiliwa, haiwezi kuandikwa juu ya karatasi hizo. Mwenye nyumba nzuri isiyo na setifika ana dhamana ya sifuri katika hesabu hii, hata kama nyumba ina ghorofa mbili.

Ukiwa na hati, iangalie mambo manne. Jina lililoandikwa liwe lako, maana nyumba nyingi za mjini bado ziko kwa jina la baba aliyefariki, na warithi wote watahitaji kukubali kwanza. Angalia kama haki yako ni ya kudumu au ya muda. Haki ya muda hutolewa kwa miaka isiyozidi 25, hivyo iliyobakiza miaka 4 haiwezi kubeba vizuri mkopo wa miaka 5. Angalia tarehe ya hati, kwa kuwa ile ambayo haijatimiza miaka 2 bado inaweza kupingwa mahakamani, jambo linalomfanya mkopeshaji asite. Mwisho, tazama kama kuna mzigo wa zamani ulioandikwa juu yake. Hati ya mama huyu ilikuwa na mstari mdogo wa hipoteki ya mume wake, deni lililokwisha kulipwa siku nyingi lakini ambalo hakuna aliyekwenda kwa konsevateri, yaani afisa anayetunza daftari la hati, kulifuta. Kwa macho ya benki, deni hilo lilikuwa bado hai mpaka lifutwe.

Ikiwa umeoa au umeolewa, uwe tayari pia kwa saini ya mwenzako. Nimeona faili zikilala miezi kwa sababu ya saini hiyo moja.

Hatua ya pili: tafuta bei ambayo mtu ameilipa kweli

Zile dola 80,000 zilitoka wapi? Jirani alikuwa ameweka nyumba yake sokoni kwa bei hiyo kupitia kwa komisioneri. Nilipouliza zaidi, ilionekana kwamba nyumba ya jirani ilikaa zaidi ya mwaka bila kupata mnunuzi, kisha ikauzwa kwa 61,000. Bei inayotajwa na komisioneri ni matumaini ya muuzaji. Mthamini makini hutafuta mauzo yaliyokamilika, hasa yale yaliyofika hadi kubadilishwa kwa hati, katika mtaa uleule na kwa viwanja vya ukubwa unaokaribiana.

Kisha huipima bei hiyo kwa njia ya pili, na njia hii unaweza kuitumia mwenyewe. Nyumba za aina hiyo pale Bel-Air, kwa maelezo ya wapangaji tuliowauliza, zilikuwa zikipangishwa kwa karibu dola 400 kwa mwezi, yaani 4,800 kwa mwaka. Ikiwa wanunuzi wa mtaa huo hawakubali kungoja zaidi ya miaka 12 au 13 ili kodi irudishe fedha zao, bei inaangukia kati ya 57,600 na 62,400. Njia mbili zinapokutana karibu na 60,000, una sababu ya kuamini namba hiyo. Zinapoachana sana, kuna moja iliyokosewa, na mara nyingi ni ile ya mauzo, kwa kuwa imechanganywa na bei za kutajwa tu.

Siku mthamini alipokuja, mama alishangaa kumwona akianza na ukuta wa nje kabla ya sebule. Alipima kiwanja kwa utepe, akalinganisha na vipimo vya kwenye hati, akakuta ukuta wa nyuma umeingia mita mbili katika kiwanja cha jirani. Mita hizo mbili hazikuhesabiwa. Chumba cha nyuma anamoishi mdogo wa marehemu mume wake kilihesabiwa kidogo sana, kwa sababu mnunuzi angelazimika kumwondoa mtu asiye na mkataba wowote. Kisima cha bomba kilihesabiwa, kwa kuwa maji ni jambo ambalo mnunuzi wa Lubumbashi hulilipia. Jengo ambalo halijaezekwa lilichukuliwa karibu kama rundo la matofali. Thamani ya soko aliyoiandika ilikuwa dola 60,000.

Ukipokea ripoti ya tathmini, itilie shaka kama haitaji tarehe ya ukaguzi, kama vipimo vyake vimenakiliwa kutoka kwenye hati bila kupimwa, au kama mifano yake ya bei haisemi ikiwa nyumba hizo ziliuzwa kweli. Tathmini iliyovimba hukupendeza siku ya kwanza, lakini benki itaagiza nyingine kwa mthamini wake, na gharama hiyo ya pili mara nyingi utalipa wewe.

Hatua ya tatu: hesabu kutoka siku ya mnada kurudi nyuma

Hapa ndipo palipo na kiini cha jambo, na ndipo wakopaji wengi wanapoachwa gizani. Benki haiulizi nyumba yako ingeuzwa kwa bei gani ukiiuza mwenyewe, kwa utulivu, ukimngoja mnunuzi mzuri. Inauliza ni fedha kiasi gani zitakazoingia mkononi mwake siku nyumba hiyo itakapouzwa bila hiari yako, baada ya wewe kushindwa kulipa.

Kongo imo katika jumuiya ya sheria za biashara ya OHADA tangu mwaka 2012, na utaratibu wa kukamata nyumba unafuata sheria yake ya pamoja. Chini ya sheria ya mwaka 1998, ambayo ndiyo iliyowafundisha wakopeshaji wengi desturi zao kabla ya kurekebishwa mwaka 2023, mdaiwa alipewa onyo la kulipa ndani ya siku 20. Onyo lisipoitikiwa lilisajiliwa kwa konsevateri. Kisha daftari la masharti ya mnada liliwekwa mahakamani ndani ya siku 50, na mnada ulipangwa kati ya siku 45 na 90 baadaye. Kwenye karatasi ni miezi michache. Lakini kabla ya onyo kuna miezi ya kusihiana na barua, na baada yake kuna mapingamizi, ndugu anayedai fungu lake la urithi, kesi kuahirishwa, rufaa. Mkopeshaji mwenye busara huhesabu mwaka mmoja na nusu.

Sheria hiyohiyo iliruhusu bei ya kuanzia ya mnada kuwa chini hadi robo moja ya thamani ya soko. Haimaanishi kwamba nyumba itauzwa kwa robo, maana washindani hupandisha bei, na hata baada ya mnada mtu mwingine aliruhusiwa ndani ya siku 10 kuongeza angalau sehemu moja ya kumi. Lakini inaonyesha mahali bei inapoweza kuanzia. Na washindani wenyewe ni wachache. Anayenunua mnadani hawezi kuingia ndani kukagua mabomba wakati mwenye nyumba bado anaishi humo, lazima awe na fedha taslimu, na anajua kwamba huenda akahitaji miezi mingine kumwondoa aliyemo. Wengine hawataki kabisa nyumba ambayo familia nyingine imetolewa kwa machozi. Yote haya hushusha bei.

Tulichukua punguzo la asilimia 30 kwa mauzo ya lazima. Kutoka 60,000 tukabaki na 42,000. Kutoka hapo tukatoa 3,000 za wakili, mtekelezaji wa amri za mahakama, matangazo na mthamini, kwa sababu gharama za mnada hulipwa kabla ya mkopeshaji. Zikabaki 39,000.

Sasa fikiria riba. Mkopo wa mfano huu ulikuwa na riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na katika ile miezi 18 ya kungoja mnada riba haisimami. Mwaka na nusu kwa asilimia 18 ni asilimia 27. Kwa hiyo kila dola 100 zilizokopeshwa zitakuwa dola 127 siku nyumba itakapouzwa, hata bila kuhesabu faini za kuchelewa. Basi:

```
mkopo × 1.27 = 39,000
mkopo = 39,000 ÷ 1.27 = 30,709
```

Benki iliishusha hadi 30,000 kamili. Ukigawanya kwa 60,000, unapata asilimia 50. Mama aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, “Kumbe hawakuiba nusu. Nusu imeliwa njiani.”

Ndivyo ilivyo, na imeliwa na wanne: haraka ya mnada, gharama za mahakama, muda, na riba. Ukitaka kujua kwa nini benki moja hutoa asilimia 70 na nyingine 45, tafuta ni yupi kati ya hao wanne aliyehesabiwa tofauti. Mahali ambapo mahakama huuza nyumba kwa miezi mitatu na riba ni asilimia 6, hesabu hiihii hutoa mkopo mkubwa zaidi kwa nyumba ileile.

Na ziada? Ikiwa mnada utaleta zaidi ya deni na gharama zote, kinachobaki ni cha mwenye nyumba. Kwa sababu hiyo nasisitiza tofauti kati ya rehani ya benki na karatasi ambazo wakopeshaji binafsi wa mjini huwatia watu saini, zinazoandikwa kama mauzo yenye haki ya kununua tena. Huko unaweza kupewa dola 15,000 juu ya nyumba ya 60,000, na muda ukipita bila kurudisha, nyumba nzima imekwenda na hakuna ziada ya kudai, kwa kuwa kwenye karatasi uliuza. Hapo uwiano mdogo haukulindi hata kidogo. Soma kichwa cha mkataba kabla ya kusoma kiasi.

Kama wangempa 45,000

Tuliendelea kidogo, kwa kuwa mama bado alihisi kwamba asilimia 75 ingekuwa haki. Kwa mkopo wa 45,000, deni baada ya miezi 18 bila malipo lingefika 57,150. Mnada ungeleta 39,000. Pengo ni 18,150, na pengo hilo halifi pamoja na nyumba. Kwa sheria, mali yote ya mdaiwa ni dhamana ya madeni yake, hivyo angehamishwa Bel-Air na bado angedaiwa dola 18,150, zikifuatwa kwenye bidhaa za duka lake.

Kuna jambo jingine ambalo mthamini haliandiki kwenye ripoti lakini afisa wa mikopo wa Lubumbashi hulifikiri daima: shaba. Kati ya Julai na Desemba 2008 bei ya shaba duniani ilianguka kutoka zaidi ya dola 8,000 kwa tani hadi chini ya 3,000, na viwanda vingi vya kuyeyusha madini hapa Katanga vikafungwa. Siku kama hizo, mteja wa duka la vifaa vya ujenzi hajengi, muuza duka hashiki fedha za kulipa benki, na nyumba nyingi huingia sokoni kwa pamoja huku wanunuzi wakiwa wametoweka. Kushindwa kulipa na kushuka kwa bei ya nyumba huja kwa mlango mmoja. Tuseme nyumba ya 60,000 imeshuka hadi 48,000. Punguzo la asilimia 30 linaacha 33,600, gharama zinaacha 30,600, na deni la mkopo wa 30,000 limefika 38,100. Hata kwa uwiano wa asilimia 50, linabaki pengo la 7,500. Ndiyo maana afisa hakukubali kupanda hata hadi asilimia 60 alipobembelezwa.

Hatua ya nne: uliza asilimia hiyo ni ya thamani ipi

Benki mbili zinaweza kutangaza asilimia tofauti na kutoa fedha zilezile. Ya kwanza inasema asilimia 70, lakini ya thamani ya mauzo ya lazima: asilimia 70 ya 42,000 ni 29,400. Ya pili inasema asilimia 50 ya thamani ya soko, na inatoa 30,000. Anayekimbilia asilimia 70 amepoteza dola 600 kwa kutouliza swali moja. Liulize hivi: “Asilimia hiyo mnaihesabu juu ya thamani ya soko au ya mauzo ya lazima, na kwa tathmini ya nani?” Uliza vilevile kama gharama za notari na za kuandikisha hipoteki zitakatwa kwenye mkopo, kwa sababu zikikatwa humo, fedha utakazobeba mkononi ni pungufu kuliko mkopo unaoulipia riba.

Hatua ya tano: pima kipato, kisha fuata uwiano unavyoshuka

Dhamana huweka dari ya juu tu. Malipo hutoka dukani. Mkopo wa 30,000 kwa miezi 36, kwa riba ya asilimia 18 inayohesabiwa juu ya deni linalobaki, unadai karibu dola 1,085 kila mwezi. Mama aliuza kwa faranga na kulipa kwa dola, basi tulihesabu pia kama angeweza kulipa mwezi ambao faranga imeshuka. Aliweza, kwa shida kidogo, na hapo tu nilimwambia akubali.

Uwiano wenyewe hautulii. Baada ya malipo 12 deni lake lingekuwa karibu 21,700, yaani asilimia 36 ya thamani ileile, na baada ya malipo 24 karibu 11,800, yaani asilimia 20. Huo ndio wakati wa kurudi benki kwa ile nyongeza ya mzigo aliyoikosa mwanzoni, akiwa na miaka miwili ya malipo kamili na nyumba ambayo mzigo wake umepungua. Kabla ya kurudi, alikuwa na kazi tatu za kufanya ambazo zingepandisha ile namba ya chini: kufuta hipoteki ya zamani, kumpa shemeji mkataba wa upangaji wenye tarehe ya mwisho, na kumalizana na jirani juu ya zile mita mbili za ukuta.

Na siku malipo ya mwisho yatakapokwisha, benki haitaisafisha hati kwa niaba yako. Omba barua ya kuondoa hipoteki, ipeleke kwa konsevateri pamoja na setifika yako, lipa ada yake, na usiondoke dirishani kabla hujauona mstari huo umefutwa kwa maandishi na muhuri.